Ku- Moja, Milango Miwili

Mpwa wangu aliniletea barua ya kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani. Alikuwa ameiandika kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, ili niipitie kabla hajaenda kuichapa. "Shikamoo mjomba," alisema, akaiweka mezani kando ya kikombe changu cha chai. "Niangalizie Kiingereza tu. Mengine yako sawa."

Ukiondoa salamu na anwani, barua yenyewe ilikuwa na sentensi tano:

"I enjoy to meet new people. I want that you give me a chance. My teacher suggested me to write to you. I avoid to be late. I look forward to hear from you."

Niliisoma mara mbili. Tahajia ilikuwa safi, hakuna neno lililokosewa herufi, na meneja yeyote angeelewa binti anataka nini. Lakini kila sentensi ilikuwa na kosa, na makosa yote matano yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Nikamwuliza kila sentensi aliitunga vipi. Akanijibu bila kusita kwamba aliiwaza kwa Kiswahili kwanza: nafurahia kukutana na watu wapya, nataka mnipe nafasi, mwalimu wangu alinishauri niwaandikie, naepuka kuchelewa, natarajia kwa hamu kusikia kutoka kwenu.

Kiswahili hicho hakina doa. Kosa lilizaliwa njiani, wakati wa kuvuka kwenda upande wa pili, na mzizi wake ni silabi moja tunayoitamka kutwa nzima bila kuifikiria: ku-.

Silabi yenye kazi mbili

Tuchukue neno "kusoma". Tukisema "nataka kusoma", tunazungumzia tendo ambalo bado halijafanyika. Tukisema "kusoma kwake kunanifurahisha", neno lilelile limegeuka jina. Lina ngeli yake, ngeli ya KU, na linavuta upatanisho kama jina lolote: kwake, kunanifurahisha. Walimu wa Kiswahili wanaliita kitenzi-jina, na jina hilo linaeleza yote: ni kitenzi, na ni jina pia, ndani ya vazi moja.

Kwa hiyo anayezungumza Kiswahili hajawahi kuombwa achague. Nataka kusoma, napenda kusoma, nimemaliza kusoma, nimeacha kusoma, ninakumbuka kusoma: ku- inatosha kila mahali. Kiingereza kina milango miwili mahali petu penye mmoja. Upo mlango wa "to", kama "to read", na upo mlango wa "-ing", kama "reading". Mara nyingi kitenzi kinapofuata kitenzi kingine, mzungumzaji lazima apite mmojawapo.

Wengi wanapotea hapa kwa sababu wanakitazama kitenzi cha pili. Wanajiuliza, je, "read" inataka "to" au "-ing"? Swali hilo halina jibu, maana "read" inakubali yote mawili. Anayeamua ni kitenzi kilichotangulia. "Want" huamuru "to read". "Enjoy" huamuru "reading". "Read" ni abiria tu, na mwenye kuchagua mlango ni yule aliyekaa mbele yake.

Milango hiyo ina historia inayosaidia kumbukumbu. "To" hii ni ndugu wa ile ya "I am going to Tanga". Katika Kiingereza cha zamani, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, "to" iliyowekwa mbele ya kitenzi ilikuwa kihusishi kilekile cha kuonyesha uelekeo: mtu anaelekea kwenye tendo kama anavyoelekea mjini. Kwa upande wa "-ing", moja ya asili zake ni kiambishi cha kutengeneza majina kutokana na vitenzi. Alama hiyo bado ipo: "building" ni jengo, "meeting" ni mkutano, "painting" ni picha iliyochorwa. Kwa hiyo "to" inanyoosha kidole mbele, kwenye jambo ambalo bado halijafikiwa, na "-ing" inaligeuza tendo kuwa kitu kilichopo, unachoweza kukishika, kukimaliza au kukikosa.

Picha hiyo haitajibu kila swali, na nitaonyesha inapogota. Lakini inatosha kuanzia na vitenzi vitatu vilivyompiga chenga mpwa wangu.

Want: tendo lililo mbele

Anayetaka kitu hana bado. "I want to leave": sijaondoka, kuondoka kuko mbele yangu. Wenzake "want" wanatazama mbele vivyo hivyo, kwa mfano "hope", "decide", "plan", "promise", "agree" na "refuse". "She promised to call": wakati anaahidi, simu haijapigwa. "He refused to pay": malipo yalikuwa mbele yake, akayakataa. Vitenzi hivi vyote vinapita mlango wa "to".

Hapa mpwa wangu asingekosea kama angebaki kusema habari zake mwenyewe. "Nataka kufanya kazi" ingempa "I want to work", na ku- yetu ingelingana na "to" yao bila taabu. Tatizo lilianza pale alipotaka mtu mwingine afanye jambo: nataka mnipe nafasi.

Tazama Kiswahili kinavyofanya. Mtendaji akiwa mmoja, tunatumia ku-: nataka kuondoka. Mtendaji akibadilika, tunaiacha ku-, tunaweka kiambishi cha mtendaji mpya na kumalizia na -e: nataka uondoke, nataka waondoke. Kwa mzungumzaji wetu hizo ni sentensi mbili zilizobanwa pamoja, na anapokwenda kwenye Kiingereza anatafuta kiungo cha kuziunganisha. Anakutana na "that", anaishika, na matokeo yake ni "I want that you give me a chance".

"Want" haipokei "that" ya namna hiyo. Kiingereza kinamtoa mtendaji mpya ndani ya kitenzi na kumsimamisha katikati, halafu "to" inaendelea na kazi yake: "I want you to leave", "I want them to leave". Na kwa kuwa mtendaji huyo amesimama baada ya "want", anavaa umbo la mtendwa. Ni "I want him to leave", wala si "I want he to leave".

Tahadhari moja: si ndugu wote wa "want" wanaokubali mtu katikati. "I hope you to come" haisemwi. Kwa "hope" tunasema "I hope you will come". Ndiyo maana haifai kujifunza vitenzi hivi kwa orodha ndefu. Kila kimoja kina tabia zake kidogo, hata kama mlango ni mmoja.

"Want" yenyewe ina kona moja ambapo inabadili mlango, na kona hiyo itamfurahisha Mswahili. Waingereza husema "This shirt wants washing". Hapo shati halina matakwa. Maana ni kwamba linahitaji kufuliwa. Sisi nasi tunasema shati hili linataka kufuliwa. Lugha mbili zisizo na undugu zimelipa shati mdomo wa kutaka. Tofauti ni kwamba Kiingereza hapo kinatumia "-ing", na "washing" hiyo inabeba maana ya kutendwa ambayo sisi tunaionyesha waziwazi kwa -wa ya "kufuliwa".

Enjoy: kitu kilichopo

"Enjoy" ni kula raha ya kitu. Raha hailiwi kwa kitu ambacho hakipo, kwa hiyo kitenzi hiki kinadai kitu: "enjoy the food", "enjoy the match". Kinakidai kiasi kwamba katika Kiingereza makini huwezi kusema "I enjoyed" ukanyamaza. Ukiwa huna kitu cha kutaja, unajiweka mwenyewe: "I enjoyed myself". Basi kinapofuatwa na tendo, tendo nalo lazima ligeuzwe kitu: "I enjoy meeting new people". Hakuna nafasi ya "to" hapa, hata siku moja.

Kwa nini basi kosa la "I enjoy to" ni maarufu kiasi hiki? Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na nadhani wa kulaumiwa ni jirani yake, "like". "Like" ni mkarimu, anafungua milango yote miwili. "I like to read" ni sahihi, na "I like reading" ni sahihi. "Love" naye yuko hivyo. Mwanafunzi akishazoea "I like to read", anakutana na "enjoy", anaona maana zinakaribiana, Kiswahili chake kinasema napenda kusoma na nafurahia kusoma, naye anamwazima "enjoy" mkia wa "like".

Hata huyo "like" anafunga mlango mmoja akibanwa. Akitanguliwa na "would", maana yake inahama kutoka kupenda hadi kutaka, na papo hapo anafuata sheria ya "want": "I would like to see the manager". Anayesema hivyo hasimulii anachopenda maishani. Anaomba jambo ambalo bado halijatokea. Kitenzi ni kilekile, lakini mara tu kinapotazama mbele, "to" inakuja yenyewe.

Wanaoandamana na "enjoy" kwenye mlango wa "-ing" ni wengi, na ukiwatazama utaona wanashughulika na tendo kama kitu kilichoko mkononi. "She finished cooking": kupika kulikuwepo, kumekwisha. "Keep walking": umeshaanza kutembea, usikatishe. "I miss living in Tanga": nimeshaishi huko, nakukosa. "Do you mind waiting?": kusubiri kunakukera?

Kisha anakuja "avoid", na picha yetu inaanza kuyumba. "I avoid being late" ni sahihi, lakini anayeepuka kuchelewa hajachelewa, kuchelewa hakupo. Unaweza kujitetea kwamba mtu huepuka kitu kama anavyoepuka shimo la barabarani, yaani shimo lipo ingawa hujatumbukia. Ni utetezi wa kufaa, lakini ukweli ni kwamba picha ya mbele na nyuma ni fimbo ya kutembelea, si reli ya treni. Upande wa pili nao una mkaidi wake: "We managed to catch the bus". Basi tumeshalipanda, hakuna kilicho mbele, na bado "manage" inashikilia "to". Wakaidi hawa hawaelezeki kwa kanuni. Unawazoea kama unavyozoea majirani.

Suggest: pendekezo huwekwa mezani

Mkaidi mkubwa kuliko wote ni "suggest", na ndiye anayestahili muda mrefu zaidi. Pendekezo linahusu jambo la mbele, kwa hiyo mtu angetarajia "to". Lakini "I suggest to leave" ni kosa. Sahihi ni "I suggest leaving now", au "I suggest we leave now".

Njia rahisi ya kuielewa "suggest" ni kutazama mahali linapotua pendekezo. Anayeshauri, anayeomba au anayeamuru humwelekea mtu: "He advised me to go", "He asked me to go", "He told me to go". Mtu yupo pale pale baada ya kitenzi, naye anapokea "to" yake. Anayependekeza hamwelekei mtu. Anaweka wazo mezani, kila mtu alione. Baada ya "suggest" panakaa wazo, wala hapakai mtu. Wazo hilo laweza kuwa jina, "I suggest a short break". Laweza kuwa tendo lililogeuzwa jina, "I suggest resting a little". Au sentensi nzima, "I suggest that we rest".

Ukilishika hilo, makosa matatu makubwa ya "suggest" yanaeleweka kwa mpigo mmoja.

La kwanza ni "I suggest to leave". Huyu ameichukulia "suggest" kama "want". Wazo linalowekwa mezani ni kitu, kwa hiyo ni "leaving".

La pili ni lile la mpwa wangu: "My teacher suggested me to write". Kiswahili chake kilikuwa "alinishauri niwaandikie". Shauri letu ni pana. Linaweza kubeba "advise" na linaweza kubeba "suggest". Kama angemtafutia "advise" angekuwa salama, maana "My teacher advised me to write" ni sentensi nzuri kabisa. Alichukua "suggest" akaivalisha nguo za "advise".

La tatu ni "Suggest me a good hotel". Hili lina mizizi ndani kabisa ya sarufi yetu. Tunasema pendekeza hoteli, na tukitaka kumwingiza anayependekezewa, tunaongeza kiungo na kupata pendekezea: nipendekezee hoteli nzuri. Mtu anaingia ndani ya kitenzi bila kubisha hodi. "Suggest" haina mnyambuliko huo. Mtu akilazimika kutajwa, anakaa nyuma, na "to" ya uelekeo inamshika mkono: "Suggest a good hotel to me".

Kuna jambo jingine linalofichwa na "suggest" na ambalo halionekani kwa "want". Ukisema "I want to take a taxi", atakayepanda teksi ni wewe. Ukisema "He suggested taking a taxi", nani atapanda? Labda wote, labda mimi peke yangu, labda watu wengine kabisa. Wazo liko mezani bila jina la mwenyewe. Ukitaka kumtaja mtendaji bila utata, unakwenda kwenye sentensi nzima: "He suggested that we take a taxi", "He suggested that I take a taxi".

Hapo Mswahili ana bahati ambayo hajaambiwa. Tazama kitenzi kinachofuata "that" katika "The doctor suggested that he rest". Hakina "-s" ya nafsi ya tatu, wala hakina wakati uliopita, ingawa daktari alisema jana. Wanaozoea "he rests" na "he rested" wanashangaa. Lakini sisi tunasema daktari alipendekeza apumzike. Kitenzi cha kwanza kina -li- ya jana. Cha pili hakina -li- wala -na- wala -ta-, kina -e tu ya mwisho. Kiingereza hapo kinafanya jambo lilelile: kinakivua kitenzi cha pili alama zote za wakati na kukiacha uchi. Uingereza wengi huongeza "should" na kusema "that he should rest", na hiyo nayo ni sawa.

Alisimama azungumze, au aliacha kuzungumza?

Katika sentensi zote hadi hapa, kosa la mlango linaudhi sikio lakini maana inafika. Vipo vitenzi vichache ambavyo milango yote ni halali, na ukikosea mlango umesema habari nyingine kabisa. Mfano wenye makali kuliko yote ni "stop".

"He stopped to talk to me." Alikuwa anapita, akaniona, akasimama ili azungumze nami. Sisi ni marafiki.

"He stopped talking to me." Aliacha kuzungumza nami. Kuna ugomvi.

"To" hapo inaonyesha lengo lililo mbele ya kusimama, na "-ing" inataja kile kilichokuwepo kikakoma. Kiswahili hakichanganyi mambo haya, kwa kuwa kinabadili kitenzi cha kwanza: kusimama ni jingine na kuacha ni jingine. Kiingereza kinacho "stop" kimoja, na tofauti yote inabebwa na mkia.

"Remember" inafanya vivyo hivyo. "Remember to lock the door" ni agizo: usisahau kufunga mlango, haujafungwa bado. "I remember locking the door" ni kumbukumbu: nakumbuka niliufunga. Mlinzi anayechanganya hizo mbili katika ripoti yake ya asubuhi anaweza kujikuta anajibu maswali magumu.

"To" isiyo ile "to"

Sentensi ya mwisho ya barua, "I look forward to hear from you", ndiyo inayopotosha hata waandishi wazoefu. Mtu amejifunza kwamba baada ya "to" kitenzi hubaki kitupu, anaiona "to" hapo, anaandika "hear". Lakini "to" hii si ya kitenzi. Ni mkia wa "look forward", ni kihusishi cha kawaida, na baada ya kihusishi Kiingereza kinataka jina au "-ing": "thank you for coming", "before leaving", "interested in working here".

Jinsi ya kuitambua ni kuweka jina la kawaida mahali pa kitenzi. "I look forward to Friday": inakubali, kwa hiyo ni kihusishi, na kitenzi kikija kitavaa "-ing", "to hearing". Jaribu hivyo kwa "want": "I want to Friday". Inagoma, kwa hiyo "to" hiyo ni ya kitenzi, na kitenzi kinabaki kitupu. Jaribio hilo hilo linaokoa pia "I am used to waking up early", nimezoea kuamka mapema, ambayo wengi huiandika "used to wake up" na kumbe wamesema walikuwa wanaamka mapema zamani, siku hizi hapana.

Mkia umo ndani ya kamusi

Mtu aliyetambua mapema kwamba mwanafunzi mgeni anahitaji mkia kuliko maana ni Mwingereza A. S. Hornby. Alifundisha Japani kabla ya Vita Kuu ya Pili, akaona wanafunzi wanajua maana ya maneno lakini wanayaunga vibaya. Kamusi aliyoitunga na wenzake wawili ilitoka Tokyo mwaka 1942, ikiwa na mifumo 25 ya vitenzi iliyopewa namba, na kila kitenzi kikaonyeshwa kinafuata mfumo upi. Chuo Kikuu cha Oxford kiliichapa upya mwaka 1948, na ndiyo mama wa kamusi kubwa ya Oxford ya wanafunzi inayouzwa hadi leo. Katika kitabu chake cha mifumo cha mwaka 1954, Hornby aliutaja mtego wa "suggest" wazi: mwanafunzi aliyezoea kusikia "to come" baada ya "want" na "hope" atadhani "suggest" nayo ni hivyo.

Namba zile hazitumiki tena, lakini maarifa yenyewe yamebaki, na watu wengi wanayapita bila kuyaona. Ukifungua "enjoy" katika kamusi ya wanafunzi, karibu na maana utakuta kijistari kama hiki:

```
enjoy doing sth
want to do sth
want sb to do sth
suggest doing sth
suggest (that)…
```

"Sth" ni kitu chochote, "sb" ni mtu yeyote. Chini ya "suggest" hutakuta "sb to do sth", na ukimya huo ndio jibu. Anayeandika neno jipya kwenye daftari aandike kijistari hicho chote, asiandike neno peke yake na tafsiri yake. Aandike "enjoy doing" na "want sb to do" kama neno moja, kwa kuwa ndivyo linavyoishi.

Barua inarudi

Tulikaa na mpwa wangu hadi chai ikapoa. Sikumwandikia, nilimwuliza kila kitenzi cha mbele kinataka nini, naye akajibu. "Enjoy" inataka kitu, kwa hiyo "I enjoy meeting new people". "Avoid" vilevile, "I avoid being late". "Look forward to" ina kihusishi, kwa hiyo "hearing".

Kwa "want" aliandika "I want you to give me a chance". Sarufi imekaa, nikamwambia, lakini kwa meneja usiyemjua ni kama kumpiga begani. Akafikiri kidogo, akaandika "I hope you will give me a chance", akakumbuka mwenyewe kwamba "hope" haikubali mtu katikati.

Ilibaki moja. Alikwishaandika "My teacher suggested that I", kalamu ikasimama. Mwalimu alisema mwezi uliopita, kwa hiyo mkono wake ulitaka "wrote". Nikamwomba aniambie tena alivyosema kwa Kiswahili. "Alinishauri niwaandikie," akajibu. Nikamwuliza mbona hakusema alinishauri niliwaandikia, na hayo yalikuwa ya mwezi uliopita.

Akacheka, akaandika "write", akaweka nukta. "Kumbe hii nilikuwa naijua," akasema.

"My teacher suggested that I write to you." Kati ya sentensi zote tano, hiyo ndiyo ngumu kuliko nyingine kwa wageni wengi wa Kiingereza, na ndiyo pekee ambayo Kiswahili chake kilikuwa kimemwandalia njia.